Mgomo wa malekchara na HELB

"Mgomo ukila wiki saba nalipa fii tena? Na HELB itaisha kabla nimalize?"

Fii hulipi tena, inaenda na semista, so ikisukumwa mbele bado ni ileile moja. Yuniti pia hazipotei, mgomo wa 2025 ulikaa siku 49 na watu walirudi palepale walipoachia. HELB ndio inabana, unapewa kwa mwaka wa masomo, mwaka ukirefuka upkipu haiongezeki na renti ya nje haingoji, rumu ya 5,000 miezi miwili hiyo ni 10,000 yako. Kama uko fainali yia angalia maksi sana, lazima zipite idara hadi Seneti kabla listi ya grajuesheni ifungwe, yuniti moja ikikosa maksi unangoja ile ingine. Skolashipu ya shirika ikiwa na tarehe ya mwisho waandikie mapema na barua kutoka kwa rejistra.

> HELB si wanaanza kudai miaka minne ikiisha hata kama hujamaliza?

Ni mwaka mmoja baada ya kumaliza, lakini kwa sistemu wanaweza kuwa na ile tarehe yako ya zamani, wajulishe.

> Mimi niko praiveti, hatukugoma na fii ilipanda tu 😂