Maelezo ya mkaango mpya: ladha kama ilivyo, bei wazi

"Mkaango wangu mpya wa buni za Kirinyaga una ukali kama ukwaju. Nikiandika hivyo si nitafukuza wateja?" (Langoni, Lamu)

Andika, tena mwanzoni. Mnywaji wa Lamu akisikia kahawa hufikiria ya dele: nyeusi, chungu, yenye tangawizi, ya kunywa na tende au haluwa. Akiinunua yako bila kuambiwa, akaichemsha vile alivyozoea, ataona imeharibika na hatarudi. Kwa hiyo ukali utaje pamoja na namna ya kuipika.

Kabla ya kuandika, iache siku tatu tangu ikaangwe ili itoe hewa. Kisha saga gramu 12, mwagia mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, ngoja dakika 4. Onja ikiwa moto, uonje tena ikiwa vuguvugu, maana utamu na ukali hujitokeza zaidi inapopoa. Nyingine ichemshe kwenye dele, kwani nyumba nyingi ndivyo zitakavyoipika. Mpe na mwenzako aonje bila kumtajia ukwaju. Asipouona, andika "kali kidogo" tu. Ukisikia ladha ya majani mabichi au nafaka, hapo punje hazikuiva ndani, na mkaango huo usiuze.

"Punje zangu ni AA. Naweza kuandika 'ladha daraja la kwanza'?" (Malindi)

Hapana. AA ni ukubwa, punje zinazobaki juu ya chekeche ya matundu ya milimita 7 hivi. Itaje hivyo, na ladha uieleze kwa ulichoonja.

"Bei niiweke wazi au niseme 'njoo inboksi'? Na pakiti nizipangeje?" (Shela)

Weka wazi, wengi hawaji kuuliza. Anzia bei ya kilo iliyokwisha kukaangwa: kilo ya buni mbichi ikikaangwa kati hubaki gramu 850 hivi, na anayesahau hilo huuza kwa hasara. Kisha kila pakiti igeuze kuwa bei ya kilo. Gramu 250 ikiwa sh 500 na gramu 500 sh 1,050, pakiti kubwa ni ghali kuliko mbili ndogo, na mteja ataliona hilo haraka. Gramu ziwe za kahawa peke yake, bila uzito wa mfuko.

Yote yakikamilika, yasomeke hivi:

"Mkaango mpya, Kirinyaga AA, umekaangwa kati tarehe 4 Juni. Ukali wa ukwaju mwanzoni, utamu wa sukari guru mwishoni, uchungu mdogo. Inafaa zaidi kuchujwa. Kwenye dele itakuwa kali kuliko kahawa chungu uliyoizoea. Punje au ya kusaga, bei moja. Gramu 100 sh 250, gramu 250 sh 500, gramu 500 sh 950, kilo sh 1,800. Nauli ya boti ni ya mnunuzi."

Ya kusaga, ongeza "itumie ndani ya wiki mbili, funga mfuko vizuri", kwa sababu unyevu wa pwani huimaliza harufu upesi.