RR 800 ms kwenye karatasi ya ECG, hesabu viboksi mwenyewe

"Wakuu, mzee wangu kapigwa ECG juzi nimebaki na karatasi yake. Juu imeandikwa RR 800 ms, rate 75 bpm, chini ni mistari tu. Hiyo RR ndo nini na mtu anaisomaje?"

Mkuu, anza na karatasi yenyewe kabla hujaangalia vilima. Ina viboksi vidogo vya milimita moja, halafu kila baada ya vitano kuna mstari uliokolea, hapo unapata boksi kubwa. Kwenda kulia ni muda, kwenda juu ni nguvu ya umeme wa moyo. Karatasi ikitembea kwa spidi ya kawaida, milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na boksi kubwa ni sekunde 0.2.

Sasa shuka kwenye ule mstari mrefu wa chini kabisa, mara nyingi umeandikwa II. Utaona kitu kinajirudia: kilima kidogo cha mviringo, kinaitwa P, hapo umeme unapita vyumba vya juu vya moyo. Halafu ncha kali nyembamba inayopanda juu, ndo R, hapo umeme umeingia vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Kinafuata kilima kipana, T, vyumba vya chini vinajiandaa upya. RR ni umbali wa kutoka ncha moja hadi ncha inayofuata, basi.

Ya mzee 800 ms ni sekunde 0.8, kwa hiyo ukihesabu kati ya ncha na ncha upate maboksi makubwa 4. Dakika nzima ina maboksi makubwa 300, so 300 gawanya kwa 4 unapata 75, ndo ile rate iliyoandikwa pale juu, yaani mapigo kwa dakika.

Ila angalia spidi pembeni ya karatasi, hili lilinitia presha mwenyewe. Bi mkubwa alipimwa zahanati moja kwa mashine ya zamani isiyohesabu chochote, aliyesoma akakuta maboksi 8 kati ya ncha na ncha, akagawanya akapata kama 38, tukaambiwa moyo unaenda taratibu mno twende hospitali kubwa usiku ule ule. Mi nikamshika mkono nikahesabu mapigo dakika nzima, 76. Nikarudia, 75. Kuiangalia karatasi vizuri pale chini imeandikwa 50 mm/s, mtu alibonyeza spidi mara mbili ya kawaida, kila kitu kikavutika, hadi P na T zilikuwa pana kupita kiasi. Kwa spidi hiyo boksi kubwa ni sekunde 0.1, yale maboksi 8 ni sekunde 0.8, sawasawa na ya mzee wako. Tangu siku hiyo namba ya karatasi na mapigo ya mkononi nazilinganisha kwanza, zikipishana sana kuna kitu hakijakaa sawa.

Kingine, hiyo RR 800 iliyochapwa kwa kawaida ni wastani, inaweza kuficha mapigo yasiyolingana. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, ukiweke chini ya ncha, weka alama kwenye ncha tatu zinazofuatana, halafu kisogeze mbele uone kama alama zinakaa kwenye ncha nyingine. Zikipishana kidogo kidogo kwa kufuata pumzi ni kawaida, hasa kwa vijana, ukivuta pumzi moyo unaongeza mwendo.

Ya shangazi yangu haikuwa hivyo. Kuna mahali boksi 2, mbele yake 4, kisha 3, hamna mpangilio wowote, na kile kilima cha P hakipo kabisa, mstari unatetemeka tetemeka tu kati ya ncha na ncha. Maana yake vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, damu inaweza kutuama humo ikaganda na bonge likaenda kwenye ubongo, ndo maana daktari alimuanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa karatasi kama hiyo usitumie 300, hesabu ncha zote kwenye maboksi makubwa 50, ambayo ni sekunde 10, zidisha kwa 6. Yeye zilikuwa 19, sawa na mapigo 114 kwa dakika.

Na hizo ni sekunde 10 tu. Kama moyo wa mzee unaruka ruka mara moja moja akiwa nyumbani, karatasi inaweza kutoka safi kabisa kwa sababu wakati wa kipimo ulikuwa umetulia, hapo mwambie daktari, kuna kifaa cha kuvaa saa 24 kinachorekodi muda wote. Akiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia, msikae kuhesabu viboksi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na karatasi hii ya zamani muende nayo walinganishe na mpya.