Kumbukumbu za baraza la mtandaoni: nani hasa amejibu tukiandika "jopo lilijibu"?

Swali: "Wakuu, kazini tulikuwa na baraza la wafanyakazi kwa Zoom na kumbukumbu nimeachiwa mimi. Maswali yalikuwa mengi mno, mengine yamerudiwarudiwa. Mkubwa anataka yapangwe kwa mada na majibu yote yaandikwe 'jopo lilijibu', bila majina. Aliyewahi kuifanya kazi hii anielekeze."

Mimi ni katibu wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu. Baraza lililonitoa jasho ni la Septemba 2024, wakati NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya hapa Kenya, ilikuwa inakaribia kuondoka na SHA, yenye mfuko mpya wa SHIF, kuingia tarehe 1 Oktoba. Jopo lilikuwa na afisa rasilimali watu, mhasibu wa mishahara, mwanasheria wa kampuni na mwakilishi wa wafanyakazi. Kila mtu alikuwa na swali kuhusu mfuko wake, na wengi walikuwa na hasira. Nitatumia mfano huo.

Kwanza weka kando muundo tuliofunzwa shuleni wa waliokosa kwa udhuru, yatokanayo na shughuli nyinginezo. Ule ni wa kamati, ambako watu hujadili na kuamua. Kwenye baraza hakuna anayeamua kitu. Upande mmoja unauliza, mwingine unajibu, na msomaji atakuja kutafuta swali lake tu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe na tarehe, saa, msimamizi, wanajopo na vyeo vyao, idadi ya waliohudhuria na aya moja au mbili za hotuba ya ufunguzi. Baada ya hapo ingia kwenye maswali.

Maswali yenyewe hayako mahali pamoja, na hapo wengi hupoteza mengine bila kujua. Yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha Q&A utayapata kwenye akaunti ya mwandalizi, sehemu ya Reports, kama jedwali la kupakua. Yaliyoandikwa kwenye chat hayamo humo. Lazima awepo aliyeihifadhi ile chat. Na ya walionyoosha mkono wakapewa nafasi ya kusema yako kwenye rekodi peke yake. Tena, swali lililojibiwa kwa mdomo huonekana kwenye ripoti limeandikiwa "live answered" bila jibu lenyewe, kwa hiyo rekodi utaisikiliza upende usipende.

Yaweke yote kwenye jedwali moja, kila swali na namba yake ya kudumu. Mimi huwa na safu za swali kama lilivyoulizwa, dakika ya rekodi lilipojibiwa, cheo cha aliyejibu, jibu kwa ufupi, na mada. Mtu akiuliza mambo matatu kwa pumzi moja, ligawe: 18a, 18b, 18c. Usipoligawa, utaliweka kwenye mada moja na sehemu mbili zitapotea. Safu ya dakika ndiyo utakayoishukuru baadaye, na sababu utaiona punde.

Sasa mada. Usizitunge kabla ya kusoma maswali, na usizipange kwa idara za ofisi, maana mfanyakazi hajui jambo lake ni la idara gani. Zetu zilitoka zenyewe: kujiandikisha, makato ya mshahara, wanaofaidika, na matibabu yanayoendelea. Linalosumbua ni swali linalogusa mada mbili. Mama mmoja aliuliza kama yeye na mumewe, wote wameajiriwa, watakatwa wote wawili. Kwa maneno yake linaonekana ni la familia, lakini jibu lake (ndiyo, kila mwenye mshahara hukatwa kwa mshahara wake) linahusu makato. Mimi hufuata jibu, kisha kwenye ile mada nyingine naongeza mstari mfupi: "Tazama pia 2.4." Swali la kama wazazi watahudumiwa kwa mchango wa mtoto wao niliweka kwenye wanaofaidika, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba mchango unamhusu mchangiaji, mwenzi wake na watoto, na mzazi anajiandikisha mwenyewe.

Yanayofanana yaunganishe kuwa swali moja, lakini bakiza namba za asili kwenye mabano. Mtu akija kulalamika kwamba swali lake limerukwa, unamwonyesha lilipo. Na usiunganishe kwa sababu maneno yanafanana tu. "Nitakatwa lini?" na "Nitaanza kutibiwa lini?" yanafanana, lakini kwenye mfuko mpya wa bima hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Sasa lile la mkubwa wako, majibu yote yawe ya jopo. Hapa nenda polepole. Ukiandika "jopo lilieleza", umewatia maneno kinywani watu wote wanne. Mara nyingi si tatizo: mmoja ameeleza utaratibu uliopo, wengine wamesikia, hakuna aliyepinga. Hilo ni la jopo kwa haki. Lakini kupanga kwa mada huvunja mfuatano wa wakati, na majibu mawili yaliyotolewa mbalimbali hujikuta yamekaa ubavu kwa ubavu yakipingana.

Kwetu ilitokea hivi. Mwanzoni mtu aliuliza makato mapya yanaanza na mshahara upi. Mhasibu akasema, "Mshahara mtakaopokea baada ya tarehe moja." Kwetu mshahara wa Septemba hulipwa siku za kwanza za Oktoba, kwa hiyo kila aliyesikiliza alielewa kwamba wa Septemba ndio utakaoanza. Karibu na mwisho, swali lilipoulizwa upya kwa sauti, afisa rasilimali watu akasema ni mshahara wa Oktoba, na mhasibu mwenyewe akaingilia kukubaliana naye. Safu ya dakika ndiyo iliyonionyesha lipi lilitangulia na nani alilirekebisha. Bila hiyo ningekuwa na majibu mawili na kuchagua kwa kubahatisha. Tuliandika hivi:

> 2.1 Makato ya SHIF yanaanza na mshahara upi, na je, NHIF itaendelea kukatwa? (Maswali 7, 12, 31 na 44)
>
> Jopo lilieleza kwamba mshahara wa Septemba ndio wa mwisho kukatwa NHIF. Kuanzia mshahara wa Oktoba kila mfanyakazi atakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na mwajiri atawasilisha fedha hizo kufikia tarehe 9 Novemba. Hakuna mwezi ambao makato yote mawili yatatozwa. Jibu lililotolewa awali kuhusu mshahara wa Septemba lilirekebishwa na mhasibu wa mishahara kabla ya baraza kumalizika.

Hiyo sentensi ya mwisho msiiondoe. Wapo waliosikia jibu la kwanza wakatoka kabla ya kusikia la pili. Wakisoma kumbukumbu zisizotaja marekebisho, watasema katibu amebadilisha maneno. Na kama wanajopo wawili wangepingana hadi mwisho bila kuafikiana, hapo hakuna jibu la jopo kabisa: andika kila kauli kwa cheo cha aliyeisema, na swali lipeleke kwenye orodha ya yaliyobaki.

Ahadi nayo haiwi ya jopo. "Jopo liliahidi kutuma maelekezo ya kujiandikisha" ni sentensi nzuri ambayo hakuna mtu atakayeitekeleza, maana jopo huisha pale kamera zinapozimwa. Andika "Afisa rasilimali watu aliahidi kutuma maelekezo ya kujiandikisha kwa *147# kwa wafanyakazi wote." Mkubwa akisisitiza majina yasionekane, mweleze kwamba cheo si jina. Akikataa hata hilo, acha "jopo" kwenye majibu, halafu mwishoni weka jedwali dogo la ahadi, ofisi inayohusika na tarehe. Sijaona mkubwa anayelikataa jedwali hilo. Ndilo la kwanza atakaloliangalia.

Majibu yaliyochapwa kwenye Q&A yatazame kwa jicho jingine. Baadhi huandikwa na msaidizi wa msimamizi anayejaribu kupunguza foleni, naye si mwanajopo. Kama jibu halikusomwa kwa sauti, angalia jina la aliyelichapa. Mwanajopo akiandika, weka "(kwa maandishi)". Msaidizi akiandika, mpelekee mwanajopo alithibitishe kwanza, au liandike kama maelezo ya waandalizi.

Kuhusu hasira: mtu mmoja aliandika, "Kwa nini mnatuibia?" Usilitupe na usilinakili. Ukisoma maswali yaliyokuwa karibu nalo, unaona alikuwa anauliza kuhusu ongezeko. Kwa mshahara ghafi wa 40,000, NHIF ilikuwa shilingi 1,000 na SHIF ni 1,100. Kwa 100,000, NHIF iliishia 1,700, SHIF ni 2,750. Tuliandika: "Wafanyakazi walilalamikia ukubwa wa ongezeko, hasa kwa wenye mishahara ya juu, na kuuliza kama kuna kikomo." Jopo lilijibu kwamba kikomo cha juu hakipo, cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Malalamiko yamehifadhiwa, jibu limepatikana, na hakuna aliyetukanwa kwenye waraka wa ofisi.

Majina ya waulizaji yaondoe yote, hata ya waliojitaja. Ondoa pia dalili. Mtu akiuliza, "Mimi wa stoo ninayesafishwa figo, nitaendelea?" ofisi nzima inamjua. Andika: "Je, wanaoendelea na matibabu ya magonjwa sugu wataathirika wakati wa kuhama?" Taarifa za afya zinalindwa kwa uzito wa pekee na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kumbukumbu hizi huishia kwenye simu za watu usiowajua. Jedwali lako la kwanza, lenye majina na barua pepe, lisitoke mikononi mwako.

Maswali ambayo muda haukutosha yapangiwe mada zilezile, na penye jibu andika "Halikujibiwa barazani." Usiyajaze wewe hata kama unajua jibu.

Kabla ya kusambaza, wapelekee wanajopo rasimu na uwape siku chache, ukiwaambia waziwazi wanarekebisha nini: pale uliponukuu vibaya. Mwanasheria wetu alirudisha rasimu akiwa ameliandika upya jibu lake la matibabu yanayoendelea, na lilikuwa bora kuliko alilosema. Lakini hakulisema. Nilirudi kwenye rekodi, nikaacha la barazani lilivyo, na chini yake nikaweka "Maelezo ya baada ya baraza" pamoja na tarehe aliyoyatoa. Alinung'unika kidogo, kisha akatia sahihi.