Vikapu kwenda nje: pima boksi kwanza ndo utaje nauli

Ukianza kuuza vikapu vya mkonge kwa wateja wa nje, kitu cha kwanza kitakachokula faida yako ni hewa iliyo ndani ya kikapu. Oda yangu ya kwanza nilipima kikapu kwenye mzani nikapata kilo 1.2, nikamtajia mteja nauli ya kilo moja na nusu, akalipa vizuri tu. Kufika kaunta ya kuria wakatoa futi kamba wakapima boksi, nikaambiwa mzigo wako una kilo 11 na nusu. Nilibishana sana siku ile na kumbe wao ndo walikuwa sahihi.

Iko hivi, kuria wa ndege wanauza nafasi na pia uzito, kwa hiyo wanachukua urefu mara upana mara kimo cha boksi kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, afu wanalinganisha na kilo za mzani, inayozidi ndo unalipia. Boksi langu lilikuwa 40 kwa 40 kwa 35, piga hesabu inakuja 56,000, ukigawa ni 11.2, na wengi wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata. Sasa kikapu kilekile ukikikandamiza kikalala bapa, kwenye boksi la 42 kwa 42 kwa 8, unapata 2.8 hivi, yani unalipia kilo 3. Kwa hiyo kabla hujaweka picha mtandaoni kaa na boksi tupu, funga kabisa na gundi, pima kwa nje sio ndani, ndo uandike nauli. Vikapu vigumu visivyokunjika mi huviuza kwa seti, kidogo ndani ya kikubwa, kimoja kimoja havilipi kabisa.

Ila ukikikandamiza hakikisha kimekauka kweli. Kikapu kilichooshwa jana ukikigusa unaona kikavu lakini ukikifunga kwenye nailoni siku 10 kinafika na ukungu, mteja anafungua anakutana na harufu. Dawa yangu ni kuanika kivulini penye upepo siku kadhaa, nakifunga kwa karatasi, naweka vipakti viwili vya silika vya kunyonya unyevu, nailoni inakuja nje ya karatasi kuzuia mvua.

Haya, forodha. Hapa ndo wengi wanadanganywa na wateja wao wenyewe, utaambiwa andika zawadi, andika dola 5. Usikubali hata kama ni mteja mzuri, maana afisa akishuku ataomba uthibitisho wa malipo, mzigo unakaa, na ukipotea utalipwa kwa hiyo dola 5 uliyoandika. Andika bei aliyolipa mteja, ileile iliyoko kwenye invoisi. Na maelezo yawe ya kueleweka, ukiandika tu "craft" au "gift" unamlazimisha mtu afungue boksi. Mi naandika hivi:

```
Handwoven sisal basket, leather handles, 1 pc
HS 4602
```

HS ni namba ambayo forodha wanatambulia aina ya bidhaa, na 4602 ni kundi la vikapu vilivyosukwa, nchi nyingi zinataka tarakimu zaidi ya hizo nne kwa hiyo malizia kwa kuangalia orodha ya ushuru ya nchi unakotuma. Chini yake weka nchi kilipotengenezwa, thamani, na simu na imeili ya mteja, hivi viwili vya mwisho usiruke, forodha wakiwa na swali ndo watampata kwa hapo. Ukituma kwa posta mambo hayohayo yanaingia kwenye fomu ya forodha ya CN22 au CN23.

Kodi sasa. Watu bado wanawaambia wauzaji wapya kwamba mzigo mdogo haulipiwi kodi, hiyo ni habari ya zamani. Umoja wa Ulaya walifuta msamaha wa VAT kwa mizigo midogo tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ule msamaha wa chini ya dola 800 ulisimamishwa 29 Agosti 2025. Mi nilishawahi kurudishiwa boksi zima kwa sababu mteja alipigiwa simu alipie kodi, hakuwa anajua, akakataa kupokea, nikalipia nauli ya kwenda na ya kurudi na pesa yake nikamrudishia. Tangu hapo kwenye kuria nachagua DDP, maana yake kodi nalipa mimi na naiweka kwenye bei mapema, na nikituma kwa DAP, ambayo mteja analipa akipokea, namwandikia kabla hajalipa oda na nasubiri ajibu kuwa ameelewa.

Kitu kingine kidogo, ndani ya boksi weka kikaratasi cha jinsi ya kurudisha shepu: anyunyizie maji kidogo pale penye mikunjo, ajaze taulo ndani, aache kivulini mpaka kikauke. Kabla ya kuweka kile kikaratasi nilikuwa napokea picha za vikapu vilivyojikunja na mtu anataka hela yake.