Bluu ya skrini ikigeuka zambarau kwenye kadi

"Wakuu, nembo ya mteja ni bluu safi kwenye simu, lakini kadi zimetoka karibu na zambarau. Nikibadilisha rangi za vipengele nifanyeje zibaki zilezile kwenye skrini na kwenye karatasi?"

Mkuu, mimi yalinikuta hapa Ngamiani, Tanga, kwa kadi 500 za mwenye mashua ya kubeba watalii. Alizikataa zote, na alikuwa na haki. Bluu yake ya skrini ilikuwa #0A3CC8. Nilipogeuza faili kuwa CMYK, yaani wino nne za kuchapia, programu ilinipa saiani 94 na majenta 81, nami nikaipeleka hivyohivyo. Majenta ikiisogelea saiani kiasi hicho, bluu ikichapwa huvuta zambarau. Iache nyuma kwa alama 30 au zaidi.

Halafu elewa kwamba bluu kali namna ile wino nne haziwezi kuitoa, hata ubadilishe mashine. Skrini inatoa mwanga, wino unaumeza. Ndiyo maana siku hizi naanzia kwenye karatasi. Nilichapa vipande vitano vya bluu juu ya karatasi ileile ya kadi, tukatoka navyo nje mlangoni, maana chini ya taa ya dukani vilidanganya. Mteja akachagua saiani 100, majenta 60, njano 0, nyeusi 5. Kisha nikaituliza bluu ya skrini mpaka ikafanana na kipande kile: #1250A8. Hizo mbili ndizo rangi zake rasmi, na kila moja nimeiandika kwa mkono wangu, sikuiachia programu ikisie.

Nina faili mama mbili, moja ya RGB kwa skrini na moja ya CMYK kwa karatasi. Usichukue moja ukawa unaigeuza kwenda na kurudi, kila safari namba zinahama.

Kwenye kubadilisha rangi zenyewe, kosa ninaloliona sana ni kufyonza rangi kwa Eyedropper kutoka nembo iliyotumwa WhatsApp. Picha ile imeshabanwa, ukigusa pembeni unapata bluu hii, ukigusa katikati unapata nyingine. Niliwahi kufungua kipeperushi kimoja nikakuta bluu tatu. Kwenye Illustrator weka rangi yako kwenye Swatches, uitie alama ya Global. Kamata vipengele vya bluu ya zamani kwa Select > Same > Fill Color, uvipe swatch hiyo. Bluu zilizokosewa kidogo hazitakamatwa pamoja, kwa hiyo rudia kwa kila moja. Baada ya hapo ukihariri swatch, vyote vinafuata.

Kabla ya kupeleka, fungua Separations Preview, washa Overprint Preview, uzime wino mmoja mmoja. Ukizima saiani na majenta, bluu yote ibaki kivuli hafifu cha nyeusi. Kipengele kikibaki na unjano, hicho kimeponyoka. Na ukizima nyeusi, maandishi meusi yatoweke kabisa. Yakibaki, yamejengwa kwa wino nne, na herufi ndogo zitatoka na ukungu pembeni.

Oda ya pili ya yule mwenye mashua ilipita ukaguzi huo, na kadi aliziweka kando ya simu yake pale kaunta, akazibeba.