Vioo vya rangi kwa dirisha la ukumbi: andika prompti ukifuata mistari ya risasi

Nimepokea ujumbe wa msomaji kutoka Ujiji. Kamati ya ukumbi wa jamii inataka dirisha moja la upande wa ziwa lipambwe kwa mchoro wa vioo vya rangi: mistari mizito ya madini ya risasi, rangi za vito, na uvuvi wa dagaa wa usiku. Waliiandikia programu ya kuchora picha kwa akili mnemba maneno hayohayo, wakaletewa dirisha lenye upinde wa kanisa, mtu mwenye duara la nuru kichwani, na mashua nyembamba ya kule Venisi. "Ukumbi ni wa wote, ndugu yetu, Waislamu kwa Wakristo. Hii tutaipelekaje kwenye kikao?" Picha ileile, au ndugu yake wa karibu, huwatokea wengi wanaojaribu kazi hii, kwa hiyo namjibu hapa.

Programu hizi zimejifunza kwa picha zenye maelezo, na picha nyingi zilizoandikwa kuwa ni vioo vya rangi ni za madirisha ya makanisa ya Ulaya. Ukitaja mtindo bila kusema umbo, unapewa kilicho kingi: upinde, watakatifu, na mara nyingi ukuta wa mawe na chumba chenye giza kuzunguka dirisha. Na ukiandika katikati ya prompti, yaani maneno unayoipa programu, kwamba hutaki kanisa, programu nyingi hulishika neno kanisa na kulichora. Vitu usivyovitaka huwekwa mahali pake. Stable Diffusion ina kisanduku cha prompti hasi; Midjourney ina `--no` mwishoni mwa maneno.

Hilo ni dogo. Kosa linaloharibu kazi kwa kweli ni kuichukulia risasi kama wino mweusi wa kuzungushia picha. Kwenye dirisha halisi risasi ni utepe wenye mifereji miwili, kushoto na kulia, na kila kipande cha kioo kinaingia kwenye mfereji. Ndiyo inayoshika dirisha lisianguke. Kwa hiyo kila mstari huanzia kwenye mstari mwingine au kwenye fremu, na huishia vivyo hivyo. Mstari unaokatika katikati ya kioo haushiki kitu. Fundi akiuona tu anajua mchoro umetengenezwa na asiyejua kioo.

Tazama taa ya mvuvi. Ni duara la njano katikati ya buluu ya usiku. Kwenye karatasi unachora duara, umemaliza. Kwenye kioo haiwezekani, kwa sababu kioo hukatwa kwa kuchorwa mkwaruzo na kupasuliwa kuufuata, na mpasuko unataka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa mkono hutoboi tundu la mviringo katikati ya kipande ukabaki na kipande kizima. Ili duara likae, ile buluu inayolizunguka lazima igawanywe, na mistari itoke kwenye duara hadi pembeni. Usipigane na mistari hiyo. Iombe iwe miale ya taa! Kinachohitajika kushika kioo ndicho kinachochora mwanga. Miti inayounganisha mitumbwi iwe mistari ya risasi, mgongo wa kuti la mchikichi uwe mstari wa risasi, na mawimbi yawe mistari mirefu inayovuka dirisha upande hadi upande. Ukipanga hivi kabla ya kuandika neno lolote, prompti inakuwa fupi yenyewe.

Kwa dirisha la Ujiji, lenye kioo kimoja kisichofunguka cha upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90, ningeandika hivi. Nimeiweka kwa Kiingereza kwa sababu sehemu ya Stable Diffusion inayosoma maneno ilifundishwa zaidi kwa lugha hiyo:

```
flat stained glass panel design, straight front view,
rectangular, thick black lead lines, few large glass pieces,
one solid color per piece, two wooden canoes joined by poles
on a sapphire blue lake, one round amber lamp,
wide amber rays reaching the border, emerald oil palm
with ruby fruit clusters, amethyst hills and sky
```

Na kwenye kisanduku cha prompti hasi:

```
church, arch, halo, saint, text, room, gradient, gondola, sail
```

Mstari wa kwanza unasema ni mchoro bapa unaotazamwa kutoka mbele. Bila hayo utapata picha ya dirisha iliyopigwa kwa pembeni, na huwezi kuichapisha ikakaa kwenye fremu. Maneno ya ujenzi yametangulia vitu kwa makusudi, maana yanayotangulia huwa na uzito zaidi, na kisomaji cha matoleo mengi ya Stable Diffusion huchukua vipande 75 vya maneno kwa mara moja. Ukizidisha, kutegemea programu unayotumia, yanayobaki hukatwa au husomwa kama fungu la pili. Wanaoandika insha nzima ndio wanaolalamika kwamba mchikichi wao haukutokea.

Vitu vimeelezwa kwa umbo. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, inayobeba taa na wavu, kila mtu wa Kigoma anaijua, lakini programu haiijui kwa jina. Ukisema mashua ya wavuvi tu, inaleta tanga. Mchikichi nao, usiposema una vichala vya matunda mekundu shingoni, unageuka mnazi, na mnazi katika ukumbi wa Ujiji watu watauliza umetoka Bagamoyo lini.

Rangi nazo kila moja imefungwa kwenye kitu chake: yakuti ya buluu kwa ziwa, kaharabu kwa taa na miale, zumaridi kwa majani, rubi kwa matunda, amethisti kwa mbingu na milima ya Kongo ng'ambo. Ukiandika "rangi za vito" peke yake, programu inazimwaga zote kila mahali, kipande chekundu, kipande cha kijani, mpaka macho hayajui pa kutua. Kaharabu isitokee popote zaidi ya taa na miale yake. Hata hivyo rangi huvuja, na unaweza kukuta mtumbwi umekuwa wa zumaridi. Dawa yake ni kupunguza vitu. Kuongeza maneno huzidisha mvujo. Toa milima kwanza, kisha ujaribu tena.

Picha ikishatoka, usiipeleke kwenye kikao kabla ya kuipima. Tuseme ni ya pikseli 1024 kwa 1536, uwiano wa 2 kwa 3 kama dirisha lenyewe. Milimita 600 ukizigawa kwa 1024, kila pikseli moja ni karibu milimita 0.6. Mstari wa risasi unaotakiwa uonekane kutoka viti vya nyuma vya ukumbi uwe na milimita 12 hivi, yaani pikseli 20. Kuza picha, uhesabu. Ukikuta pikseli 6, mstari wako ni chini ya milimita 4, na kutoka mbali utapotea kabisa. Kipande kisichofika sentimita 3, yaani pikseli 50, kiunganishe na jirani yake. Halafu chapisha nakala kwenye karatasi ya kawaida, ufuate kila mstari kwa ncha ya kalamu. Unapokatika hewani, weka alama. Kwa mchoro wa vitu hivi vichache utapata alama kadhaa, nyingi zikiwa karibu na makuti na ncha za mitumbwi. Hizo hazitibiwi kwa prompti nyingine. Irefushe mistari hiyo kwa mkono.

Kazi hiyo ya mkono ifanyike Inkscape, programu ya bure ya kuchora inayoweza kugeuza pikseli kuwa mistari laini. Pikseli 1024 zikitandazwa kwenye sentimita 60 ni kama nukta 43 kwa inchi, na kingo zitaonekana kama ngazi. Ingiza picha, fungua `Path > Trace Bitmap`, chagua rangi nyingi, weka `Scans` 8, na uache `Stack` ikiwa na alama, la sivyo nyufa nyeupe hujitokeza kati ya rangi na rangi. Hapa ndipo utajua kwa nini tuliomba rangi moja kwa kila kipande: picha yenye kivuli ndani ya kila kioo ikifuatishwa inatoa mikanda mikanda kama ramani ya milima. Jina la ukumbi liandikwe hapahapa kwa herufi za kawaida. Usimwachie mchora picha wa mashine kuandika jina la mtaa wako.

Kamati nyingi haziwezi gharama ya kioo cha rangi chenye risasi halisi, kwa hiyo mchoro huishia kwa fundi wa mabango, kwenye stika ya plastiki angavu. Mwambie mapema kwamba itatazamwa dhidi ya mwanga. Wino wa kawaida unaopendeza mezani hupauka jua likipita nyuma yake, na hapo huombwa wino upigwe mara mbili. Buluu iangalie kwa jicho kali. Kwenye skrini yakuti inang'aa. Kwenye wino, majenta, ile rangi ya waridi, ikiikaribia kwa kiasi sayani, ile buluu nyepesi, buluu inageuka zambarau, na ziwa linashikana na mbingu. Iache majenta iwe chini ya sayani kwa angalau asilimia 30, mfano sayani asilimia 100 na majenta asilimia 65. Aombwe achapishe kipande cha upana wa kiganja chenye rangi zote tano, mkakibandike dirishani jioni, jua likiwa upande wa ziwa. Kipande hicho ndicho kinachoamua, hata kama kwenye simu rangi zinapendeza.

Yapo mawili ambayo msomaji hakuyauliza. Buluu nzito hula mwanga, kwa hiyo dirisha hilo moja latosha na mengine yabaki meupe. Na usiku, taa za ukumbi zikiwashwa, walio ndani wanaona kioo cheusi tu. Wapita njia ndio wanaoona rangi. Kama shughuli zenu nyingi ni harusi za jioni, mgeni wa heshima hataiona kaharabu hata kidogo, na ni vyema kamati iyajue hayo kabla ya kulipa.

La mwisho ni nondo. Dirisha la huku lina nondo, na jua la magharibi linazichora juu ya stika kama mistari ya ziada inayoshindana na ile ya risasi. Pima zilipo kabla ya kufunga mchoro. Ubapa wa chuma uliolala ukipita sentimita 40 kutoka chini, sogeza mstari wa upeo wa ziwa ukae hapohapo, ubapa ujifiche nyuma yake. Zile za kusimama huwezi kuzificha zote. Ficha mbili, moja nyuma ya shina la mchikichi na nyingine nyuma ya mti unaobeba taa, na zilizobaki zipite kwenye ziwa ambako buluu ni nzito na vivuli havionekani sana.