Zamu za kazi za watoto: gawa kwa wiki, si kwa siku

Ratiba iliyobandikwa kwenye kuta nyingi huandikwa hivi: Jumatatu Neema, Jumanne Baraka, Jumatano Yohana. Inaonekana ya haki mpaka uikumbuke ratiba ya mgao wa maji. Maji yakitoka mtaani kwenu Jumanne na Ijumaa, Baraka atajaza mapipa kila Jumanne mwaka mzima, na Yohana hatayagusa. Kwa hiyo kila mtoto akae na kazi yake wiki nzima, ndipo ahamie nyingine.

Kabla ya kuchora chochote, pima kazi kwa dakika. Kuhesabu idadi ya kazi kunadanganya, maana kulisha kuku ni kazi moja na vyombo vya jioni ni kazi moja. Tuseme nyumba ina watoto wanne wa miaka 15, 13, 10 na 8. Vyombo vya jioni, dakika 30 kila siku, ni 210 kwa wiki. Maji, saa moja na nusu mara mbili, ni 180. Kufagia uwanja kila asubuhi ni dakika 105 tu, basi ongeza kuosha choo mara mbili, ifike 165. Kuku ni 70. Ongeza kuchambua mboga, ifike 175. Sasa una mafungu manne yanayokaribiana. Kiangazi upepo ukianza kumwaga vumbi na majani uwanjani, pima upya fungu la kufagia.

Andika mafungu kwenye karatasi ya manila, majina yaandike kwenye vibanio vya nguo. Kila Jumamosi saa kumi jioni vibanio vyote vinasogea fungu moja. Wavulana nao wanaosha vyombo. Ukimruka mmoja, mzunguko wote unavunjika.

Mdogo asiachwe nje ya zamu ya maji, ila dumu la lita 20 lina kilo 20 na zaidi. Yeye asimamie mpira, ajaze mapipa na kuyafunika. Mkubwa abebe ya jikoni, naye mdogo amlipe kwa kumfagilia uwanja asubuhi moja.

Ugomvi mwingi huzuka kwenye makabidhiano. Anayeondoka huacha masufuria yenye masizi au banda lisilosafishwa, na anayeingia hufanya kazi ya wiki mbili. Wawili hao wakague pamoja kabla kibanio hakijasogea. Kikipatikana kiporo, anayeondoka anakimaliza kwanza. Na kwa kuwa mzunguko wa upande mmoja humfanya mtoto yuleyule amrithi mzembe yuleyule, baada ya wiki nne geuza: vibanio vianze kurudi nyuma.

Aliyeugua au aliye kwenye mitihani huazimwa zamu. Deni liandikwe pembeni ya manila kwa penseli, lilipwe ndani ya wiki mbili, halafu lifutwe.